Seli za Mashaka

Kibarua wa kuingiza data akimaliza kuhamisha daftari kwenda kwenye Excel, mara nyingi hutuma faili na mstari mmoja tu: "Kazi imekamilika, asante." Mteja anafungua, anaona jedwali limenyooka, analipa. Baadaye anatokea mkulima na stakabadhi yake mkononi, kilo hazilingani, na hakuna wa kusema kama aliyekosea ni karani wa mizani au aliyechapa.

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa korosho huko Mtwara. Daftari lina kurasa 60, kila ukurasa mistari 30, na kila mstari una namba ya mwanachama, jina, namba ya stakabadhi na kilo. Hizo ni seli 7,200. Mchapaji akiandika kwamba kazi ni "sahihi kwa asilimia 99", amekiri seli 72 zenye makosa bila kusema ziko wapi. Afadhali aeleze alichokagua na namna alivyokagua.

Kilo ndizo rahisi, kwa sababu karani aliweka jumla chini ya kila ukurasa. Mchapaji anajumlisha alichochapa, kisha analinganisha. Tuseme daftari linasema 1,386 na kompyuta inatoa 1,449. Tofauti ni 63, nayo inagawanyika kwa 9. Hapo mtu mzoefu hutafuta kwanza tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, maana kosa la namna hiyo daima huacha tofauti inayogawanyika kwa 9. Anapitia mstari kwa mstari na kukuta amechapa 81 mahali pa 18. Si ushahidi kamili, kwani sifuri iliyozidi nayo huacha dalili ileile: 120 badala ya 12 ni tofauti ya 108.

Hata hivyo, jumla ikikubali haimaanishi kila kitu ni salama. Kilo za Asha zikiandikwa kwa Zuhura na za Zuhura kwa Asha, jumla haitikisiki. Majina na namba, ambazo ni seli 5,400, hazina jumla ya kuzilinda kabisa. Kwa hizo mchapaji anachagua seli 270 bila mpangilio na kumpa mtu mwingine azisome dhidi ya daftari, kwa kuwa yeye mwenyewe huenda akausoma mwandiko mbaya vilevile alivyousoma mwanzo. Yakipatikana makosa mawili, kuyarekebisha hayo mawili hakutoshi: sampuli ni sehemu moja ya ishirini, kwa hiyo katika seli zote yanakadiriwa kufika 40. Safu hizo zinasomwa upya zote.

Excel nayo ina ukorofi wake. Ukichapa 0047 inabaki 47, na stakabadhi 12/5 inageuka tarehe. Safu hizo lazima zipangwe kuwa maandishi (`Text`) kabla ya kuchapa. Ukija kuzibadilisha baadaye, sifuri hazirudi.

Baada ya hayo ndipo barua pepe inapoandikwa. Sehemu yake yenye thamani kuliko zote, kwa maoni yangu, ni hii:

"Katibu, habari za kazi. Naambatanisha jedwali la mapokezi. Naomba uangalie yafuatayo ukiwa na daftari:

D405 (ukurasa wa 14, mstari wa 14): inasomeka 31 au 37. Nimeandika 37, ndiyo inayotimiza jumla ya ukurasa.

D640 (ukurasa wa 22, mstari wa 9): karatasi imechanika. Jumla inadai 52, lakini nimeacha wazi kwa kuwa sikuisoma popote.

B1215 (ukurasa wa 41, mstari wa 14): Salma au Salima. Mwanachama namba 0218. Tafadhali linganisha na rejesta.

Ukurasa wa 53: karani ameandika jumla 2,140, mistari inatoa 2,110. Nimeisoma mara mbili. Sijabadilisha chochote."

Tazama D405 na D640. Zote mbili zina jumla ya kuzitetea, ila ya kwanza ina wino wa kusomwa na ya pili ni hesabu tupu. Tena seli iliyoachwa wazi si sifuri: `AVERAGE` huiruka seli tupu lakini huihesabu sifuri, na wastani hushuka. Kuhusu ukurasa wa 53, kishawishi ni kumsahihishia karani, ilhali huenda mstari wa kilo 30 ulirukwa siku ileile mzigo ulipopokelewa. Anayeweza kuamua ni katibu, mwenye nakala za stakabadhi.

Wengine hupaka seli hizo rangi ya njano na kuishia hapo. Faili ikihifadhiwa kama CSV, rangi zote hupotea. Ndiyo maana mashaka huandikwa kwa maneno, ndani ya barua na pia katika safu ya maoni kando ya kilo, na katibu akishajibu, jibu lake linaandikwa papo hapo pamoja na tarehe.