Je, Asha Atalinganishwa na Halima?

Chukua majina manane ya daftari la darasa: Asha, Baraka, Chausiku, Daudi, Esta, Fatuma, Gaspa, Halima. Yamevurugika, na kompyuta inatakiwa kuyapanga kwa alfabeti. Njia mojawapo ni ile ya Tony Hoare, Mwingereza aliyeibuni mwaka 1959 alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Moscow. Alihitaji kupanga maneno ya sentensi za Kirusi kabla ya kuyatafuta katika kamusi iliyohifadhiwa kwenye utepe wa sumaku. Aliichapisha mwaka 1961, na hadi leo inaitwa Kwiksoti, yaani upangaji wa haraka.

Utaratibu wake ni huu. Chagua jina moja liwe kigezo. Linganisha kila jina jingine na kigezo hicho: linalotangulia kwa alfabeti liende kushoto, linalofuata liende kulia. Kigezo sasa kimepata mahali pake pa kudumu. Kisha lifanyie kundi la kushoto vivyo hivyo, na la kulia vivyo hivyo, mpaka kila kundi libaki na jina moja au liwe tupu.

Tuseme kigezo cha kwanza ni Daudi. Majina saba yanalinganishwa naye: Asha, Baraka na Chausiku wanaenda kushoto, Esta, Fatuma, Gaspa na Halima wanaenda kulia. Kushoto tunamchagua Asha, milinganisho miwili, kisha Baraka na Chausiku wanalinganishwa mara moja. Kulia tunamchagua Gaspa, milinganisho mitatu, kisha Esta na Fatuma wanalinganishwa mara moja. Jumla ni 7 + 2 + 1 + 3 + 1, yaani 14.

Lakini bahati ingeweza kuwa mbaya. Kama kila mara kigezo kingekuwa jina la mwanzo kabisa katika kundi, Asha kwanza, kisha Baraka, kisha Chausiku, kundi la kushoto lingekuwa tupu siku zote na milinganisho ingekuwa 7 + 6 + 5 + 4 + 3 + 2 + 1, yaani 28. Kwa majina manane hasara hiyo ni ndogo. Kwa majina milioni moja, njia hiyo mbaya inadai milinganisho karibu bilioni 500.

Na ubaya huo si wa kufikirika tu. Mtu akiandika programu inayochukua jina la kwanza la orodha kuwa kigezo, orodha inayomwangusha ni ile ambayo tayari imepangwa, na orodha za namna hiyo ndizo tunazokutana nazo kila siku: daftari la mwaka jana lililoongezewa wanafunzi watatu mwishoni, au jedwali ambalo mtu mwingine alishalipanga asubuhi. Dawa yake ni kupiga kura: kigezo kichaguliwe kwa bahati nasibu, kila jina la kundi likiwa na nafasi sawa. Hoare mwenyewe aliweka bahati nasibu hiyo tangu chapisho lake la 1961.

Sasa swali: tukipiga kura namna hiyo, kwa wastani tutafanya milinganisho mingapi? Ukijaribu kufuata makundi yanavyogawanyika utapotea haraka. Kigezo cha kwanza kinaweza kuwa chochote kati ya manane, kila kimoja kinazaa makundi ya ukubwa tofauti, na kila kundi linazaa mengine. Ni afadhali kuacha kuyatazama makundi na kutazama jozi za majina.

Jambo la kwanza la kuona ni kwamba majina mawili hayalinganishwi zaidi ya mara moja. Mlinganisho hutokea tu pale mmoja wao anapokuwa kigezo, na kigezo kikishafanya kazi yake hakirudi tena katika kundi lolote. Kwa hiyo kila jozi ina majibu mawili tu: walilinganishwa au hawakulinganishwa. Tuipe kila jozi namba ndogo, tuiite kiashiria. Kiashiria ni 1 ikiwa wawili hao walilinganishwa, na 0 ikiwa hawakulinganishwa. Majina manane yana jozi 28, hivyo tuna viashiria 28, na ukivijumlisha unapata idadi kamili ya milinganisho. Katika mfano wetu wa Daudi, viashiria 14 vilikuwa 1 na 14 vilikuwa 0.

Wastani wa kiashiria ni rahisi kuupata. Kwa kuwa kinaweza kuwa 1 au 0 pekee, wastani wake ni sawa na uwezekano wa kuwa 1. Basi kazi imebaki moja: kwa jozi fulani, kuna uwezekano gani kwamba watalinganishwa?

Ili kulijibu hilo, tupige kura zote kabla ya kuanza. Kila jina lipewe namba ya siri, 1 hadi 8, kwa bahati nasibu. Kila tunapohitaji kigezo katika kundi, tunachukua mwenye namba ndogo kuliko wote waliomo. Hili halibadilishi chochote, kwa sababu ndani ya kila kundi kila jina bado lina nafasi sawa ya kuwa na namba ndogo. Lakini sasa mambo yote yamekwisha kuamuliwa, na tunaweza kuyatazama kwa utulivu.

Mchukue Asha na Esta. Kati yao kwa alfabeti wapo Baraka, Chausiku na Daudi. Maadamu kigezo kinatoka nje ya hawa watano, tuseme Gaspa, wote watano wanakwenda upande mmoja pamoja. Siku moja lazima mmoja wao achaguliwe, na atakuwa yule mwenye namba ndogo miongoni mwa watano. Akiwa ni Chausiku, Asha anakwenda kushoto na Esta kulia, na hawatakutana tena kamwe. Vivyo hivyo akiwa Baraka au Daudi. Lakini akiwa Asha mwenyewe au Esta mwenyewe, wawili hao wanalinganishwa papo hapo. Wenye nafasi ni watano, wanaotufaa ni wawili, basi uwezekano ni 2/5.

Hiyo ndiyo hoja yote. Kama jina la kwanza liko nafasi ya i katika mpangilio sahihi na la pili liko nafasi ya j, uwezekano wa kulinganishwa ni 2/(j − i + 1). Majirani kama Asha na Baraka wanapata 2/2, yaani lazima walinganishwe, na ni sawa, kwani hakuna jina jingine linaloweza kuwatenganisha. Asha na Halima, walio ncha mbili za orodha, wanapata 2/8. Mara tatu kati ya nne programu inawapanga bila kuwalinganisha ana kwa ana, na huko ndiko muda unakookolewa.

Tujumlishe sasa. Jozi za majirani ni 7, kila moja 2/2: tunapata 7. Jozi zenye mtu mmoja katikati ni 6, kila moja 2/3: tunapata 4. Kisha 5 za 2/4 ni 2.5, 4 za 2/5 ni 1.6, 3 za 2/6 ni 1, 2 za 2/7 ni karibu 0.57, na moja ya 2/8 ni 0.25. Jumla ni karibu 16.9. Huo ndio wastani unaotarajiwa, ikilinganishwa na 28 za bahati mbaya kabisa.

Msomaji makini atasimama hapa na kuuliza: je, tuna haki ya kujumlisha hivyo, ilhali jozi hizi zinaathiriana? Ni kweli zinaathiriana. Tuwe na Asha, Baraka, Chausiku na Daudi peke yao. Uwezekano wa Asha kulinganishwa na Chausiku ni 2/3. Lakini ukiambiwa kwamba Asha alilinganishwa na Daudi, unajua kigezo cha kwanza kilikuwa mmoja wa hao wawili. Akiwa Asha, basi alilinganishwa na wote, Chausiku akiwemo. Akiwa Daudi, wamebaki watatu na uwezekano ni 2/3. Ukichanganya, uwezekano umepanda hadi 5/6. Habari ya jozi moja imebadilisha habari ya nyingine.

Hata hivyo jumla yetu ni halali. Wastani wa jumla ni jumla ya wastani, na kanuni hiyo haidai viwe huru. Sababu yake iko wazi ukiifikiria kama jedwali: kila mstari ni matokeo mamoja ya kura, kila safu ni kiashiria kimoja. Ukijumlisha kila mstari kisha ukatafuta wastani, au ukitafuta wastani wa kila safu kisha ukajumlisha, unajumlisha namba zile zile. Kama tungekuwa tunazidisha viashiria, kutegemeana kwao kungetuharibia hesabu. Katika kujumlisha hakuna madhara. Kwangu mimi hapa ndipo uzuri wa uchambuzi huu ulipo: fujo yote ya makundi yanayozaa makundi haikuhitaji kufumuliwa.

Kwa orodha kubwa ya majina n, jumla hiyo inakuwa 2(n + 1)H − 4n, ambapo H ni 1 + 1/2 + 1/3 na kuendelea hadi 1/n. Jumla ya sehemu hizo hukua polepole mno: hadi sehemu ya milioni moja haijafika hata 14.4. Kwa hiyo majina milioni moja yanatarajiwa kudai milinganisho milioni 24.8 hivi, badala ya bilioni 500. Na ahadi hii ni kwa orodha yoyote ile, iwe imepangwa, imepinduliwa au imevurugwa na adui, kwa kuwa bahati nasibu imo katika kura zetu, haimo katika orodha.

Wastani huo pia hauyumbi sana. Kwa majina milioni moja, mkengeuko wa kawaida ni takriban 650,000. Ukiweka kihesabio ndani ya programu ukaona milinganisho milioni 25 na nusu, hakuna cha kushangaza. Ukiona milioni 40, kuna kitu kimeharibika, na wa kushukiwa kwanza ni marudio.

Hoja yetu ilidhani kila jina ni tofauti. Tuseme unapanga watu milioni moja kwa mkoa wanakotoka, na Tanzania ina mikoa 31. Programu inayotuma kulia kila kisicho kidogo kuliko kigezo itafika kwenye kundi la watu wa mkoa mmoja, na hapo kila kigezo kitaacha kushoto patupu. Kura hazisaidii, kwani wote wanafanana. Mikoa ikiwa na watu sawasawa, milinganisho inapita bilioni 16. Tiba yake ni kugawa makundi matatu: wadogo, walio sawa na kigezo, na wakubwa, kisha walio sawa wasiguswe tena. Ukihesabu kwa viashiria vile vile, safari hii jozi ikiwa ni ya mtu na mkoa, unapata milinganisho milioni 5.3 hivi.