Mbwa Akikuuma, Kimbilia Bomba la Maji

Mtoto ameumwa na mbwa kwenye muundi. Jeraha ni dogo, damu imekatika. Asipakwe pilipili wala mafuta ya taa. Apelekwe bombani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Virusi vya kichaa cha mbwa vina ganda la mafuta, na sabuni hulivunja.

Vinavyobaki hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, mara nyingi kwa wiki au miezi kadhaa. Chanjo hufanya kazi katika muda huo tu. Mgonjwa akishaanza kuogopa maji, karibu kila mara hufa.

Basi chanjo ianze siku hiyohiyo, na sindano zote zimalizwe. Ikiwa ngozi imetoboka, mwulize mganga pia kuhusu dawa ya kingamwili inayochomwa kwenye jeraha. Mbwa akibaki mzima kwa siku 10, daktari anaweza kusitisha chanjo. Kwa popo au tumbili, usisubiri kumchunguza mnyama: hata mkwaruzo uoshwe, kisha nenda hospitali.