Kati ya Raha na Kuzimia: Mpaka wa GHB Usiotulia

Marekani kuna dawa iitwayo Xyrem, iliyoidhinishwa mwaka 2002 kwa ajili ya wagonjwa wa narkolepsia, yaani watu wanaobwagwa na usingizi mchana na ambao wengine wao hulegea viungo ghafla wanapocheka. Ni maji tu, na kilichomo ndani yake ni GHB ileile ambayo polisi wa London na Amsterdam huikamata kwenye vichupa vidogo vya plastiki. Maelekezo yake ya matumizi yanafaa kusomwa taratibu. Mgonjwa aandae dozi zote mbili za usiku kabla ya kulala. Apande kitandani kwanza, ndipo anywe ya kwanza, kisha alale papo hapo na asishuke tena. Kama amesahau kuzima taa, basi na iwake. Wengi hupitiwa na usingizi ndani ya dakika 5 hadi 15, na baadhi yao hawahisi hata kusinzia kabla ya kuzama.

Hayo ni kwa dawa safi iliyopimwa kiwandani, iliyoandikwa na daktari, inayonywewa na mtu aliyekwisha kupanda kitandani. Wanaoinywa kwenye starehe huinywa wakiwa wamesimama, na wanachotafuta ni kukaa kwenye zile dakika ambazo Xyrem inazipita kwa haraka: mwili mwepesi, aibu imeondoka, muziki umekuwa mtamu, kila mtu ni rafiki. Dakika hizo zipo kweli. Shida ni kwamba zimepakana na kuzimia, na mpaka wenyewe haukai mahali pamoja.

Ukaribu huo unaanzia kwenye ubongo. GHB hushika hasa vipokezi viitwavyo GABA-B, ambavyo kazi yake ni kupunguza kasi ya mawasiliano kati ya seli za neva. Vikiguswa kidogo, breki za woga na wasiwasi hulegea na mtu akachangamka. Vikiguswa zaidi, njia hiyohiyo inazima sehemu zinazotuweka macho. Hakuna mlango mmoja wa raha na mwingine wa usingizi. Pombe nayo inazimisha watu, lakini huja kwa wingi wa maji, glasi baada ya glasi, na mnywaji hupepesuka, huropoka na hutapika muda mrefu kabla ya kuanguka. GHB hutosha kwenye kifuniko cha chupa, na mara nyingi kuongeza kiasi mara mbili kunatosha kumtoa mtu kwenye uchangamfu na kumwangusha bila fahamu.

Kama ingekuwa hivyo tu, mtu makini angejipimia kwa sirinji isiyo na sindano, kama wengi wanavyofanya, na mambo yakaisha. Lakini vimeng'enya vinavyoivunja GHB mwilini vina kikomo. Dozi ikiwa ndogo, nusu ya dawa huondoka kwenye damu ndani ya dakika 30 hadi 60. Ikizidi uwezo wa vimeng'enya, ziada hubaki ikisubiri zamu. Maelezo ya kitaalamu ya Xyrem yanaonyesha jambo hilo waziwazi: dozi ya usiku ikipanda kutoka gramu 4.5 hadi 9, ambayo ni mara 2, jumla ya dawa inayopita kwenye damu hupanda mara 3.7 hivi. Aliyejiongezea nusu hakujiongezea nusu. Chakula nacho kina lake. Mlo wa mafuta mengi hushusha kilele cha dawa kwenye damu kwa zaidi ya nusu, na kukichelewesha kutoka dakika 45 hadi saa 2 hivi.

Tuchukue usiku wa mfano, kwenye nyumba moja kusini mwa London. Kijana wa miaka 30, si mgeni wa mambo haya, amekula chipsi na kuku wa kukaanga saa 4 usiku. Saa 5 anakunywa kiasi kilekile kilichompendeza wiki iliyopita, ambapo tumbo lilikuwa tupu. Saa 5:45 hajahisi kitu cha maana. Anaamua kwamba mzigo wa safari hii ni dhaifu, jambo lisilo la ajabu kwa sababu hakuna anayejua ukali wa kilichomo kwenye kichupa, na anakunywa tena. Juu yake anateremsha bia mbili. Saa 6:15 anachangamka kuliko wote chumbani. Wenzake wakiulizwa, watasema huo ndio wakati alipokuwa sawasawa kabisa. Ukweli ni kwamba dozi ya kwanza ndiyo kwanza inatoka kwenye chakula, ya pili inapanda juu yake, vimeng'enya vimeelemewa, na bia inasukuma upande uleule. Saa 6:40 anakaa kwenye kochi. Saa 6:45 kichwa kimedondoka, anakoroma, na ukimwita hageuki.

Kijana huyu hakufanya papara wala hakuvunja kanuni yake. Alinywa kiasi anachokijua, akasubiri dakika 45, akaongeza. Uzoefu wake ulikuwa wa kweli, ila ulihusu tumbo lingine na kichupa kingine. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba wanaozimia ni wanagenzi tu. Vitengo vya dharura vya Ulaya vinawajua wateja wao wa kurudiarudia.

Mkanganyiko huzidi pale kichupa kinapokuwa na kitu kingine chenye jina lilelile la mtaani. GBL, kiyeyushi cha viwandani kinachouzwa pia kama kisafishio cha rimu za magari, hugeuka kuwa GHB mara kinapoingia kwenye damu, na hufyonzwa haraka kuliko GHB yenyewe. Butanedioli nayo hugeuzwa kuwa GHB, lakini kwa vimeng'enya vilevile vinavyoshughulikia pombe. Mtu akiwa amelewa, pombe hutangulia na butanedioli husubiri; pombe ikipungua, mzigo mzima hugeuzwa. Mwaka 2007 shanga za kuchezea zilizouzwa Australia na Marekani ziliondolewa madukani kwa sababu zilipakwa butanedioli badala ya kemikali iliyokusudiwa, na watoto waliozimeza wakazimia. Hao hawakuwa wakitafuta raha yoyote.

Turudi kwenye kochi. Kosa linalogharimu maisha hutendeka hapo, na hutendwa kwa upole: "Mwache alale, itaisha." Aliyelala usingizi wa kawaida hujigeuza, huvuta mkono ukimfinya, hunung'unika. Aliyezimia hafanyi hivyo. Mkoromo wake mara nyingi ni ulimi au matapishi yanayoziba njia ya hewa, na GHB hutapisha watu hata wakiwa wamepoteza fahamu. Pumzi zikiwa chache, zikikatika, au midomo ikianza kuwa na rangi ya bluu, hakuna tena muda wa kusubiri. Cha kufanya ni kumlaza kiubavu, mdomo ukielekea chini kidogo, kubaki naye, kupiga simu ya dharura na kusema bila kuficha alichokunywa. Kahawa haisaidii, maji baridi hayasaidii, na kumpa dawa nyingine "ya kumchangamsha" ni kuongeza tatizo la pili.

Hospitalini hakuna dawa ya kuitengua. Naloksoni, inayomrudisha aliyezidisha heroini, haigusi GHB. Madaktari hulinda njia ya hewa, hufuatilia mapigo ya moyo, ambayo mara nyingi hushuka, na ikibidi humwingizia mgonjwa mpira wa kupumulia. Kisha hutokea jambo linalowashangaza wahudumu wapya: baada ya saa chache, mtu aliyekuwa hajibu hata maumivu hufumbua macho ghafla, hukaa, hujaribu kuchomoa mpira na kuulizia viatu vyake. Hakumbuki kuzimia kwake. Kwa mtazamo wa afya ya umma, huko kuamka upesi ni hasara, maana kinachobaki kwenye kumbukumbu yake ni zile dakika 30 nzuri tu. Uholanzi, watafiti waliwalinganisha watumiaji waliozimia kwa GHB mara 4 au zaidi na watumiaji ambao hawajawahi kuzimia. Waliozimia mara nyingi walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kumbukumbu.

Uholanzi pia ndiko unakoonekana mteremko mrefu zaidi, wa miezi na miaka. Kwa kuwa dawa hutoka mwilini upesi, anayeitumia kila siku hulazimika kuirudia kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, la sivyo mikono inatetemeka, jasho linamtoka na usingizi unakatika. Hutega kengele ya simu ili aamke usiku anywe. Mgonjwa wa Xyrem naye hutega kengele ya dozi ya pili, lakini yeye akiikosa hulala tu. Huyu mwingine anaweza kuanza kuona vitu visivyokuwapo na kuchanganyikiwa kabisa kabla ya jioni. Ndiyo maana vituo vya tiba vya nchi hiyo haviwaachishi wagonjwa mara moja. Huwapa GHB ya kitabibu kwa saa maalumu na kuipunguza hatua kwa hatua. Hata hivyo, zaidi ya nusu hurudia ndani ya miezi 3. Wakati wote huo ule mpaka haujapanuka: mwili umezoea kiasi, raha imepungua, na kuzimia kunaendelea.

Kuna matokeo mengine ambayo huzungumzwa kidogo. Dawa ambayo watu huzimia nayo kwa bahati mbaya kila wikiendi inampa muuaji kificho. Stephen Port, aliyehukumiwa London mwaka 2016, aliwaua vijana wanne kati ya 2014 na 2015 kwa kuwapa GHB kupita kiasi. Miili ilipatikana jirani na makazi yake huko Barking, na polisi kwa muda mrefu walichukulia vifo hivyo kuwa havina mkono wa mtu mwingine. Mwaka 2021 baraza la uchunguzi lilisema makosa ya polisi kwa uwezekano mkubwa yalichangia vifo vya watatu kati yao.

Maabara peke yake isingewaokoa. GHB huisha kwenye damu ndani ya saa 5 hadi 8 hivi na kwenye mkojo ndani ya saa 12, kwa hiyo aliyewekewa kwenye kinywaji usiku na kwenda polisi kesho yake jioni hukuta vipimo safi. Kwa maiti tatizo ni kinyume chake: mwili wa binadamu hutengeneza GHB kidogo wenyewe, na kiasi hicho huongezeka baada ya kifo. Mpimaji analazimika kuweka kiwango ambacho chini yake hawezi kusema lolote, na baadhi ya waliozimia na hawakuamka wanaangukia chini ya kiwango hicho.