Mkono wa Shati Umeenda Wapi?

Mzee mmoja seremala alikuja studio akiwa na picha yake nzuri kuliko zote, aliyopigwa kwenye harusi ya bintiye. Amevaa shati jeupe lenye mistari myembamba ya buluu, mikono mirefu, vifungo vimefungwa hadi mwisho, mkono wa kulia ameupitisha mbele ya tumbo. Aliitaka picha hiyo kwenye bango la karakana yake, kwa sharti moja.

"Mwanangu," akaniambia baada ya salamu, "seremala gani huyu amefunga vifungo kama karani? Nikunjie mikono."

Kiswahili kina neno moja tu hapa: mkono ni kiganja na vidole, mkono ni kiungo kizima, na mkono ni ule wa shati. Mzee alitaka mmoja upande ili mwingine uonekane, na kwake hiyo ilikuwa kazi ya dakika mbili. Wateja wengi hudhani kompyuta hulivua shati kama mtu anavyomenya ndizi na kukuta ngozi iko chini inasubiri. Chini hakuna kitu. Mwanga uliogonga kitambaa ndio uliorudi kwenye kamera; ule wa kigashani, yaani sehemu ya kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, haukuwahi kufika. Kigasha cha mzee hakimo kwenye picha ile kabisa. Atakayekionyesha atakuwa amekibuni.

Kuziba pengo kwenye picha kwa hesabu si jambo jipya. Mwaka 2000 Marcelo Bertalmío na wenzake walionyesha njia ya kujaza sehemu iliyoharibika kwa kuendeleza mistari na rangi kutoka kingoni kuingia ndani, wakiwaiga mafundi wanaokarabati michoro ya kale. Baadaye zikaja njia za kuchukua viraka kutoka sehemu nyingine za picha ileile. Waya wa umeme unaokatiza anga huondoka vizuri sana kwa mtindo huo, maana jirani wa waya ni anga, na anga ndiyo inayotakiwa. Jirani wa mkono wa shati la mzee ni shati la tumboni upande mmoja na vidole upande wa pili. Ukiendeleza ya jirani unapata shati zaidi, au rundo la vidole.

Kilichobadilisha mambo ni wazo lililoanza kuandikwa mwaka 2015 na kupata nguvu mwaka 2020 kwa kazi ya Jonathan Ho, Ajay Jain na Pieter Abbeel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Waliokuwa na televisheni za zamani wanazikumbuka chengachenga zilizojaa kwenye kioo antena ikihama. Chukua picha safi, inyunyizie chengachenga kidogo, kisha kidogo tena, hata mara elfu moja, mpaka kisibaki kitu cha kutambulika. Programu hufunzwa jambo moja tu: kukisia ni chenga zipi zimeongezwa. Ikishafunzwa kwa picha nyingi mno, unaweza kuipa chengachenga tupu ikaanza kuziondoa hatua kwa hatua, na kinachojitokeza ni picha ambayo haikuwahi kupigwa. Mwaka 2022 timu ya watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Robin Rombach ilichapisha njia ya kufanya kazi hiyo juu ya picha iliyofinywa, ambapo mraba wa pikseli 8 kwa 8 unakuwa nukta moja. Kazi ikawa nyepesi kiasi cha kuwezekana kwenye kompyuta ya kawaida yenye kadi nzuri ya picha.

Kwa shati la mzee, nilipaka eneo la mkono, programu ikalimwagia chengachenga, na sehemu nyingine zote zikabaki kama zilivyo. Inapoondoa chenga inalazimika kukubaliana na kilicho pembeni: kiganja kimeelekea wapi, mwanga unatoka upande gani. Kigasha kinazaliwa kwa kubahatisha, lakini ni kubahatisha kwa aliyekwisha kuona mikono mingi.

Kuna namba moja inayoamua kila kitu, nayo kwenye skrini yangu imeandikwa `Denoising strength`, kuanzia 0 hadi 1. Ndiyo kiasi cha chenga zitakazomwagwa. Nilianza na 0.4. Chini ya chenga chache kama hizo weupe wa shati bado unaonekana, programu ikaona kitu kirefu cheupe, ikanirudishia kitu kirefu cheupe: mkono kama wa mtu aliyetoka kukanda unga. Nikapanda hadi 1. Sasa ilisahau yote ikaleta mkono mzuri, wenye misuli, ila wa kijana, tena umegeuzwa. Kiganja cha mzee kimelala tumboni, mgongo wa mkono ukiitazama kamera, na kigasha kilicholetwa kilikuwa cha mtu aliyegeuza kiganja juu. Kwenye kigasha kuna mifupa miwili, na ukigeuza kiganja chini mmoja hupita juu ya mwenzake, umbo lote likabadilika. Jaribu sasa hivi: lile nundu la mfupa kwenye kifundo, upande wa kidole cha mwisho, huonekana wazi mgongo wa mkono ukiwa juu. Mkono usio na nundu hilo hufanana na bomba la maji.

Dawa yake ni ya kizamani. Nilichukua rangi kwenye mgongo wa kiganja cha mzee, nikachora kigasha kwa brashi, hovyo hovyo, kinene chini kidogo ya kiwiko na chembamba kifundoni, upande wa chini nikautia kivuli. Halafu nikarudi kwenye 0.6. Hapo chenga zinatosha kuufuta uchoraji wangu mbaya, lakini rangi na uelekeo vinabaki. Nilikata pia mraba mdogo uliozunguka mkono peke yake na kufanya kazi humo. Ukiingiza picha nzima, kigasha kitapata nukta ishirini tu baada ya kufinywa, na mishipa na vinyweleo haviwezi kuenea kwenye nukta ishirini.

Ngozi ikakubali. Shati ndilo lililokataa, na hapa ndipo ninapozitambua picha za namna hii hata zikiwa kwenye bango la barabarani. Programu inajua sura ya mkono uliokunjwa, ila haijui kuhesabu kitambaa. Iliniletea kimkunjo chembamba juu ya kiwiko, safi kama cha shati la mikono mifupi. Nikajiuliza: sentimita zile 24 za mkono wa shati, kutoka kifundoni hadi kiwikoni, zimeenda wapi?

Tuzihesabu. Ule ukanda wa mwisho wenye kifungo una upana wa sentimita 6 hivi, na kila ukikunja, ukingo hupanda kwa upana huohuo. Kupanda sentimita 24 ni kukunja mara nne. Mkunjo mmoja hufanya tabaka mbili, miwili hufanya tatu, kwa hiyo minne ni tabaka tano. Mojawapo ni ukanda wenyewe, ambao tayari ni vitambaa viwili vyenye kitambaa kigumu katikati kama cha kola. Furushi hilo ni nene. Lazima litokeze nje ya mkono, litupe kivuli juu ya ngozi, na liwe pana kuliko mkono wa shati ulionyooka ulivyokuwa, kwa hiyo eneo la kupaka linapaswa kuzidi pale. Chini yake ni kinyume: kigasha ni chembamba kuliko kitambaa kilichokifunika, na pande zote mbili unabaki utepe wa shati la tumboni ambao nao lazima ubuniwe.

Jambo jingine ambalo fundi cherehani hatalikosa ni kwamba ukikunja, upande wa ndani wa kitambaa ndio unaotazama nje, hata ukunje mara ngapi. Mistari ya shati la mzee ilifumwa, haikuchapwa, hivyo inaonekana pande zote mbili. Ingekuwa kitenge cha bei rahisi kilichochapwa upande mmoja, furushi lingetakiwa kuwa limefifia. Na kile kifungo? Mkunjo wa pili huwa umeshakimeza. Programu yangu ilikiweka nje, kinang'aa, mara tatu mfululizo.

Yakabaki makunyanzi juu ya furushi, pale kitambaa kinapojaa karibu na kiwiko. Mwaka 2003 Enrique Cerda na L. Mahadevan walieleza kwa nini makunyanzi ya kitambaa kinachovutwa yana upana fulani na si mwingine. Kunyanzi dogo linadai kitambaa kijipinde sana, na kujipinda kuna gharama. Kubwa nalo linainua kitambaa juu kinapovutwa kunyooka, na hiyo ni gharama pia. Kitambaa hutulia mahali jumla ya gharama ni ndogo. Kwa hesabu yao, kitambaa kinene maradufu, kikivutwa vilevile, hufanya makunyanzi yenye upana wa karibu mara 1.7. Ndiyo maana turubai halina makunyanzi ya hariri, na jicho lisilojua hesabu hiyo hushtuka likiyaona. Pale kitambaa kinaposukumwa badala ya kuvutwa, sura ni nyingine. Mhandisi wa Kijapani Yoshimaru Yoshimura alieleza jinsi bomba lenye kuta nyembamba likibanwa kutoka mwisho hadi mwisho linavyojikunja kwa maumbo ya almasi yanayopishana. Sukuma mkono wa sweta hadi kiwikoni utayaona. Programu ilichora mistari inayozunguka mkono kama pete za bangili. Nikaifuta, nikachora almasi tatu kubwa kwa mkono, nikamwaga chenga kwa 0.5.

Mzee aliporudi aliitazama picha kwa muda mrefu. Shati alilisifu. Halafu akaweka kidole juu ya kigasha.

"Mkono mzuri. Ni wa nani?"

Akafungua kifungo cha shati alilovaa siku hiyo, akakunja mara tatu, mkunjo wa nne hakuuhangaikia, akausukuma tu kwa kiganja mpaka kitambaa kikajaa juu ya kiwiko. Chini kidogo ya hapo palikuwa na kovu refu la msumeno, jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka, na ngozi yenyewe ilikuwa nyeupe kidogo kuliko ya kiganja kinachoshinda juani. Hayo yote nisingeyapata kwa namba yoyote kati ya 0 na 1.

Nikamkalisha mlangoni, mwanga ukimjia kutoka kushoto kama siku ya harusi, nikampiga picha ya mkono peke yake. Kigasha kilichopo kwenye bango kimetoka humo. Shati nililiacha vile nilivyolitengeneza, isipokuwa ule mkunjo wa nne, ambao niliufumua nikauchora upya ukiwa umesukumwa kwa kiganja.