Unamtuma mtu akuchukulie hela au karatasi? Barua iandike hivi

Wauzaji wenzangu, mteja yuko Arusha mjini anataka kukulipa taslimu ofisini kwake, wewe uko Usa River umebanwa na oda. Unamtuma mwenzako. Ukimpa kikaratasi cha "mpe huyu hela yangu", mhasibu atakikataa, na ana haki. Huyu ni nani? Hela ipi?

Anza na jina kamili la unayemtuma, lile la kwenye kitambulisho, sio mnalomwitia dukani. Weka na namba yake ya NIDA, zile tarakimu 20. Mimi huwa naiandika kadi ikiwa mkononi, sio kwa kusomewa kwenye simu. Halafu sema anachofuata:

"Namruhusu apokee kwa niaba yangu Sh 185,000 (shilingi laki moja themanini na tano elfu) za ankara namba 014. Ruhusa ni ya tarehe 12 hadi 14 Juni 2025 tu."

Kiasi kwa maneno kinazuia mtu kuongeza tarakimu. Namba ya ankara na tarehe zinazuia barua hiyohiyo kutumika tena mwezi ujao.

Saini kama kwenye kitambulisho chako, ambatanisha kopi yake, weka namba yako ya simu na uwe hewani. Yeye abebe kitambulisho halisi.

Kama ni hundi, andika "kuchukua hundi", sio "kupokea hela". Na omba ipigwe mistari miwili: hiyo hailipwi taslimu dirishani, lazima ipitie akaunti.