Swali Lililobaki Mezani

Usaili wa mwisho wa kazi ya kuandika programu mara nyingi humwachia mtu swali moja linalomfuata hadi ndani ya daladala. Barua pepe ya shukrani ndiyo nafasi ya kulirudia. Wengi huandika "asanteni kwa muda wenu, nimejifunza mengi" wakaishia hapo, maneno ambayo kampuni yoyote ingeweza kutumiwa.

Tuchukue mfano. Jopo linauliza: mteja analipa kwa simu, mtandao unakatika, programu inatuma ombi tena. Utazuiaje asikatwe fedha mara mbili? Msailiwa anajibu kwamba seva itazame kwanza kama malipo hayo yameshaandikwa. Kama hayapo, iyaandike. "Na maombi yote mawili yakifika kwa pamoja?" Hapo anakwama. Kila moja litatazama, litakuta hakuna kitu, na litaandika.

Jioni anafungua madirisha mawili ya PostgreSQL, anajaribu, kisha anaandika:

"Ndugu wanajopo, asanteni kwa mazungumzo ya leo. Swali la maombi mawili yanayofika pamoja limenionyesha kasoro ya jibu langu: kati ya kutazama na kuandika kuna mwanya. Sasa ningeiweka safu ya `kumbukumbu` iwe `UNIQUE`, ili hifadhidata yenyewe ikatae marudio:

```sql
INSERT INTO malipo (kumbukumbu, kiasi)
VALUES ('A17', 5000)
ON CONFLICT (kumbukumbu) DO NOTHING;
```

Nimejaribu: ombi la pili lilisubiri la kwanza likamilike, kisha likajibu `INSERT 0 0`. Kinga hii inafaa tu iwapo simu inatunga namba ya kumbukumbu mara moja na kuirudia katika kila jaribio. Kama kila kubonyeza kunazaa namba mpya, mteja atakatwa mara mbili vilevile."

Ninazipenda zaidi sentensi mbili za mwisho. Aliyenakili jibu mahali hajui linapogota, aliyelijaribu anajua. Ndiyo maana code isiyoendeshwa isitumwe kabisa, kwani wasomaji wake wataiendesha.

Amekiri pia kosa lake waziwazi. Angedai kwamba hilo ndilo alilokusudia tangu mwanzo, jopo lina maandishi yake. Na kama jibu lako lilikuwa sahihi, usijitungie kosa. Taja jambo moja walilokueleza kuhusu mfumo wao na lilivyobadilisha fikra zako.

Itume siku ileile au asubuhi inayofuata, kabla jopo halijakaa kuamua. Kama huna anwani zao, mwombe ofisa ajira aliyekuita awafikishie. Isizidi kiasi cha kusomeka kwenye simu bila kutelezesha kioo sana, maana kurasa 3 ni kufanya mtihani upya ambao hakuna aliyeuomba.

Usaili ulioharibika kote hauokolewi na barua. Inapomkuta msaili bado anasita kwa sababu ya swali moja, humpa jibu alilolikosa mezani.