Mafungu ya Maneno

Sokoni pwani, mama mwuza samaki hamwagi ndagala na mikebuka yote pamoja juu ya mkeka. Hufanya mafungu. Huweka ndagala upande huu, mikebuka upande ule, na baina ya fungu na fungu huacha nafasi. Mnunuzi akipita aona mara moja kitu anachokitaka, wala hana haja ya kupekuapekua kwa mkono.

Maandishi nayo yana mafungu yake. Fungu la maneno, ambalo wengine huliita aya, ni sentensi kadha zinazosema juu ya jambo moja. Likianza jambo jingine, mwandishi huacha mstari hata kama haujajaa. Kisha huanza mstari mpya, akiusogeza ndani ya ukurasa upana wa vidole viwili.

Watu wengi huandika ukurasa mzima pasipo fungu hata moja, pengine kwa kutaka kuokoa karatasi. Tutazame mfano, tuone hasara yake na dawa yake.

Barua isiyo na mafungu

Tuseme mwalimu wa kijiji kimoja kando ya ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie, amwandikia mganga wa hospitali. Sentensi tumezipa namba, ili tuweze kuzitaja.

«(1) Bwana Mganga, tunakusalimu sana sisi watu wa kijiji. (2) Kisima chetu kilibomoka mwezi wa pili kwa mvua kubwa. (3) Tangu hapo akina mama wanachota maji mtoni. (4) Mtoto wa kwanza aliugua Jumatatu, alihara maji meupe na kutapika. (5) Katika mto huo watu wa juu wanafua nguo. (6) Jumatano waliugua watu wanne wa nyumba mbili za jirani. (7) Barabara imekatika penye daraja, lakini mtumbwi wa mota unafika kwa saa tatu. (8) Mzee mmoja alifariki jana usiku. (9) Tunaomba mganga wa kutazama wagonjwa na dawa ya kusafisha maji. (10) Siku kisima kilipojengwa na mapadri tulifurahi sana, tukachinja mbuzi. (11) Kwa sababu hiyo wagonjwa, ambao leo ni saba, tumewaweka katika nyumba ya shule. (12) Tunawapa maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari. (13) Mafundi wa kujenga kisima tunao, ila saruji hatuna. (14) Kijana atangoja pwani mchana na usiku, akiwa na taa.»

Kila neno la barua hii ni la kweli. Lakini mganga ana barua nyingine mezani, na wagonjwa wamngoja mlangoni. Aanza kusoma, akuta kisima kilichobomoka. Atupa macho mwishoni, akuta saruji na kijana mwenye taa. Pengine asema: «Hawa wataka kujenga kisima, nitawajibu juma lijalo.» Mzee aliyekufa na ombi la dawa vimefichwa katikati ya ukurasa, mahali ambapo jicho la msomaji mwenye haraka halikai.

Kazi ya kwanza: kuuliza kila sentensi

Usianze kukata. Kwanza soma ukurasa wote, kisha rudi juu, na kila sentensi iulize: «Wewe wasema juu ya nini?» Jibu lake liandike kando ya ukurasa kwa herufi moja tu.

Tukiacha salamu, barua hii yasema juu ya mambo manne. Ugonjwa tuandike U, maji tuandike M, ombi tuandike O, njia tuandike N. Sasa kando ya ukurasa, toka sentensi ya pili mpaka ya mwisho, twasoma hivi: M, M, U, M, U, N, U, O, M, U, U, O, N.

Hesabuni: herufi inabadilika mara kumi. Ndiyo maana msomaji anachoka. Mara yuko mtoni, mara yuko kwa mgonjwa, mara yuko darajani, kisha arudi kwa mgonjwa.

Kazi ya pili: kukusanya

Hapa wengi wanapotea. Waona kwamba ukurasa ni mrefu, basi waukata mistari mitano mitano, kama mtu akataye kitambaa kwa kipimo. Wengine wakata kila herufi inapobadilika. Lakini katika barua yetu kukata hivyo kungetoa vipande kumi na kimoja, na ugonjwa ungebaki umetawanyika katika vipande vinne. Nafasi nyeupe haileti utaratibu. Yaonyesha tu utaratibu uliokwisha kuwapo. Mama wa sokoni hukusanya ndagala kwanza, kisha ndipo aachapo nafasi.

Basi kusanya U zote pamoja: sentensi ya 4, 6, 8, 11 na 12. Kusanya M: 2, 3, 5 na 10. Kusanya O: 9 na 13. Kusanya N: 7 na 14.

Sasa tazama kila mkusanyo: je, kuna sentensi isiyo na kazi? Sentensi ya 10, ile ya furaha na mbuzi, haimsaidii mganga kuja wala kujua ugonjwa. Tuitoe. Si kwamba ni mbaya. Katika barua ya kuwashukuru mapadri waliojenga kisima, yafaa kuwa ya kwanza. Ni msomaji ambaye sentensi hii si yake.

Kazi ya tatu: kupanga ndani ya fungu

Sentensi zilizo pamoja zahitaji bado kufuatana, na kila fungu lina namna yake ya kufuatana. Fungu la ugonjwa lafuata siku: Jumatatu, Jumatano, jana usiku, leo. Fungu la maji lafuata sababu na matokeo: kisima kilibomoka, ndiyo maana watu wachota mtoni, na mto una uchafu. Fungu la ombi laanza na jambo la haraka; saruji inaweza kungoja, mgonjwa hawezi.

Kisha kila fungu tulipe sentensi ya kichwa. Hiyo yasema kwa kifupi jambo ambalo fungu zima litalieleza. Kichwa kisiseme zaidi ya yale mwandishi ayajuayo. Mwalimu wetu si mganga, kwa hiyo ataandika «Twadhani ugonjwa huu watoka katika maji». Hataandika «Ni maji yaliyotuua».

Mwisho tupange mafungu yenyewe. Mganga atauliza kwanza: Kuna nini? Kisha: Kwa sababu gani? Mwataka nini? Nitafikaje? Basi mafungu yafuate maulizo hayo.

Barua iliyopangwa

«Bwana Mganga, tunakusalimu sana sisi watu wa kijiji.

«Katika kijiji chetu watu wanahara na kutapika tangu Jumatatu. Siku ile aliugua mtoto mmoja, alihara maji meupe na kutapika. Jumatano waliugua watu wanne wa nyumba mbili za jirani. Jana usiku mzee mmoja alifariki. Leo wagonjwa ni saba. Tumewaweka katika nyumba ya shule, mbali na wengine, nasi tunawapa maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari.

«Twadhani ugonjwa huu watoka katika maji. Kisima chetu kilibomoka mwezi wa pili kwa mvua kubwa. Tangu hapo akina mama wanachota maji mtoni, na katika mto huo watu wa juu wanafua nguo.

«Kwa hiyo tunaomba upesi mganga wa kutazama wagonjwa na dawa ya kusafisha maji. Baadaye tutaomba saruji ya kujenga kisima tena, mafundi tunao.

«Njia ya kufika kwetu ni ya ziwani tu. Barabara imekatika penye daraja, lakini mtumbwi wa mota unafika kwa saa tatu. Kijana atangoja pwani mchana na usiku, akiwa na taa.»

Tazameni maneno madogo yaliyopona. Mwanzo «mto huo» ulisimama nyuma ya mtoto mgonjwa, mbali na mto wenyewe. Sasa wafuata mto mara moja. Na lile «kwa sababu hiyo» la sentensi ya 11 lilifuata mbuzi, hata mtu angeuliza: sababu gani? Tumeliondoa, na mahali pake tumeweka maana yenyewe: «mbali na wengine». Kila mara usogezapo sentensi, tazama maneno kama huyo, hapo, hiyo na tangu hapo. Hayo hushika mkono wa sentensi iliyotangulia. Ukiitoa hiyo, yabaki yameshika hewa.

Namna ya kujipima

Funika barua kwa karatasi, uache wazi sentensi ya kwanza tu ya kila fungu. Soma: watu wanahara na kutapika, twadhani watoka katika maji, tunaomba mganga na dawa, njia ni ya ziwani. Kama sentensi hizo peke yake zasema habari nzima, mafungu ni mazuri. Kama moja haisemi kitu, kichwa chake ni kibaya, au fungu lina mambo mawili.

Urefu wa fungu haupimwi kwa mistari. Lile la ugonjwa lina sentensi sita, lile la ombi lina mbili, na yote mawili ni sawa. Lakini kuandika kila sentensi peke yake katika mstari mpya ni kosa lile lile limegeuzwa: ni kama kutawanya ndagala moja moja mkekani. Na kijibarua cha sentensi nne juu ya jambo moja chahitaji fungu moja tu.

Hadithi ya watu wanaosemezana ina kanuni yake nyingine. Humo kila abadilikapo msemaji huanza mstari mpya, hata kama asema neno moja tu, ili msomaji ajue ni nani anayesema.

Maulizo

1. Kwa nini haifai kukata ukurasa mistari mitano mitano?
2. Sentensi ya 13 ina habari za kisima na za saruji. Kwa nini tumeiandikia O, wala si M?
3. Barua hii ingeandikwa kwa fundi wa daraja, fungu gani lingekuwa la kwanza? Fungu gani lingefupishwa?
4. Twaa mtungo wako wa juma lililopita. Andika herufi kando ya kila sentensi, uhesabu zabadilika mara ngapi. Kisha ukusanye, upange, na kuuandika upya.